Mwongozo wa Mashine ya Boti ya Nguvu 15, kwa Mabaharia wa Dunga

Kabla hujafungua mashine, soma hapa

Kitabu kilichokuja na mashine kimeandikwa kwa Kiingereza na kimetungwa kwa mtu wa baharini. Sisi tuko Ziwa Viktoria, maji matamu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na adui yetu si chumvi. Adui yetu ni tope, gugumaji na nyuzi za nyavu. Kwa hiyo sikutafsiri neno kwa neno. Onyo la kusafisha chumvi nimelifupisha, na sehemu ya nyuzi nimeirefusha.

Neno moja nimelikataza katika karatasi hizi: "mafuta" likiwa peke yake. Kwetu mafuta ni petroli, mafuta ni oili, mafuta ni grisi, mafuta ni hata yale ya kukaangia samaki. Karatasi ya zamani iliyobandikwa kwenye banda ilisema "changanya mafuta 50 kwa 1". Kijana mmoja akapima oili mililita 50 kwa kila lita ya petroli, akijua amefuata sheria. Hiyo si 50 kwa 1, hiyo ni 20 kwa 1. Usiku ule walibadilisha plagi mara mbili wakiwa katikati ya ziwa, wakarudi kwa kasia. Sikumlaumu. Niliilaumu karatasi. Humu ndani petroli ni petroli, oili ni oili, na grisi ni grisi.

Maelezo haya ni ya mashine ya mipigo miwili inayochanganyiwa oili kwenye tanki. Kama ya kwako ni ya mipigo minne, ina sehemu yake ya oili ndani kama pikipiki, na ukiichanganyia petroli na oili unaiharibu. Sehemu ya maji na ya propela bado itakufaa.

Petroli na oili

50 kwa 1 maana yake ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Kwa lugha ya ufuoni: kila lita ya petroli inataka mililita 20 za oili. Sirinji ile ya mililita 20 inayouzwa kwenye duka la dawa za mifugo, ukiijaza mara moja, ni oili ya lita moja ya petroli. Nunua moja, iandike OILI kwa kalamu isiyofutika, na isitumike kwa ng'ombe tena.

Petroli lita 5: oili mililita 100.
Petroli lita 10: oili mililita 200.
Petroli lita 20: oili mililita 400.
Petroli lita 25: oili mililita 500, yaani chupa nzima ya nusu lita.

Mashine mpya, au iliyofanyiwa kazi kubwa ya pistoni na ringi, inataka mara mbili ya hapo kwa saa 10 za kwanza: mililita 40 kwa lita. Katika saa hizo usiivute hadi mwisho kwa muda mrefu. Badilisha mwendo mara kwa mara. Najua inauma, mashine mpya ukiwa nayo unataka watu wa Usoma wakuone ukipita. Wataiona wiki ijayo.

Oili yenyewe iwe ya mashine za boti za mipigo miwili. Kwenye chupa tafuta herufi hizi: TC-W3. Oili ya bodaboda si hii. Bodaboda nyingi siku hizi ni za mipigo minne, na oili yake haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli. Inaacha masizi kwenye plagi na kwenye ringi. Oili iliyomwagwa kutoka kwenye gari nayo usiiguse hata ukipewa bure.

Kuchanganya hufanywa nchi kavu, mbali na jiko na mbali na taa za omena, mashine ikiwa imezimwa. Weka petroli kiasi kwanza kwenye jerikeni, mimina oili yote, funga, tikisa vizuri, kisha ongeza petroli iliyobaki na utikise tena. Ukianza na oili inakaa chini kama uji. Mimina kwenye tanki kupitia faneli yenye chujio laini. Jerikeni iliyolala usiku kwenye boti itikise tena asubuhi, na mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiutumie kwenye mashine.

Ukiwa na shaka na petroli uliyonunua, mimina kidogo kwenye chupa safi inayopenya mwanga, uiache itulie. Maji hukaa chini na mstari unaonekana kabisa. Mafuta ya taa huwezi kuyaona hivyo, yanajichanganya kabisa na petroli, lakini mashine itakuambia: inakuwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, inatoa moshi, na ukiivuta inagonga. Senti ulizookoa utazilipa kwenye pistoni.

Kifuniko cha tanki kina skrubu ndogo ya hewa. Ifungue kabla ya kuwasha. Nusu ya mashine "zinazokufa" dakika kumi baada ya kutoka hapa ni skrubu hii tu. Ukibonyeza kibofu cha kwenye paipu ukakikuta kimejikunja na hakirudi, angalia hapo kwanza kabla hujaita fundi.

Plagi ndiyo barua ya mashine. Ikiwa na rangi ya kahawia, mambo ni mazuri. Nyeusi na yenye unyevu: oili imezidi, au choki imeachwa imevutwa. Nyeupe kama jivu: mashine inachemka, huenda oili au petroli ni chache, au maji hayapandi. Nyeupe ni ya kuogopa kuliko nyeusi. Nyeusi utaifuta uende. Nyeupe inakuambia pistoni inakaribia kushika.

Maji ya kupoza

Kitabu kinaita tundu la nyuma ya mashine kwa jina refu. Nimetumia jina lenu: mkojo. Mashine ikikojoa vizuri, pampu inavuta maji ya ziwa na kuyapandisha hadi kwenye kichwa cha injini.

Ukishawasha, kabla ya kuingiza gia, geuka nyuma uangalie. Mkojo utoke ndani ya sekunde chache na uwe mstari wenye nguvu. Ukiuwekea mkono unapaswa kuwa vuguvugu. Ukitoka kwa matone, ukitoka mvuke, au usipotoka kabisa: zima. Usiseme "tufike tu kwenye nyavu". Mashine isiyo na maji hainoki kesho, inanoki leo.

Baada ya kuzima, fuata mpangilio huu. Inua mashine, utazame matundu ya kuvutia maji pembeni mwa mguu, juu ya propela. Hapo ndipo mzizi wa gugumaji, karatasi ya nailoni au kipande cha wavu hujibandika. Toa kwa mkono. Kisha chukua kipande cha uzi mnene wa nailoni ukipitishe taratibu kwenye tundu la mkojo. Tope hukauka pale, na mashine iliyokaa siku nyingi bandani mdudu hujenga humo nyumba. Usitumie msumari. Washa tena. Kama bado ni kavu, pampu ina shida na safari imekwisha. Vuteni kasia au ombeni boti nyingine iwakokote.

Mashine iliyochemka usiimwagie maji ya ziwa. Nimeona ikifanywa, na ndivyo kichwa cha injini kinavyopinda. Ifungue kifuniko, uiache ipoe yenyewe.

Ndani ya pampu mna impela, gurudumu dogo la mpira lenye mabawa. Linalainishwa na maji hayo hayo linayovuta, kwa hiyo ukiwasha mashine ikiwa juu ya stendi bila maji, hata kwa kuonyesha mnunuzi, mpira unaungua kwa sekunde. Kama ni lazima kuijaribu nchi kavu, itumbukize kwenye pipa la maji yanayofunika matundu.

Impela ibadilishwe mara moja kwa mwaka. Kwa wavuvi wa omena, wakati wake ni ziwa likifungwa, Aprili hadi Julai. Ukiifungua ya zamani, hesabu mabawa yake. Likikosekana moja, litafute kwenye njia ya maji hadi ulipate, kwa sababu kipande hicho kitaziba juu na impela mpya haitasaidia lolote. Unapoiweka mpya, ipake grisi ya maji kidogo, uizungushe shafti kwa mwelekeo wa saa huku ukiishusha, ili mabawa yote yalale upande mmoja. Usisahau kabari ndogo ya chuma inayoishikilia kwenye shafti. Ni ndogo kama punje ya mahindi, na ikianguka kwenye mchanga wa Dunga hutaipata.

Boti ikirudi tupu, pua inapanda na kisigino kinazama, halafu mawimbi yakichapa, matundu yanavuta hewa. Mwambie kijana mmoja akae mbele.

Propela

Kabla ya kugusa propela: zima, chomoa kamba ya nyekundu ya kuzimia, na utoe waya wa plagi. Mashine iliyo moto inaweza kuwaka kwa kuzungushwa propela tu. Vidole havina spea.

Kila mkirudi, pitisha mkono kwenye kingo za mapanga matatu. Pengo dogo la jiwe lilainishwe kwa tupa, ukitoa kidogo kidogo kwenye panga hilo tu. Panga likipinda au likikatika kipande, mtetemo wake unakula beringi za shafti. Propela hiyo ipelekwe kwa fundi au ibadilishwe. Kugonga kwa nyundo ufuoni hakuirudishi sawa.

Sasa nyuzi, na hapa nakuomba usome taratibu. Uzi wa wavu ukijizungusha nyuma ya propela, hauonekani. Unayeyuka kwa joto, unakuwa kama ringi ya plastiki, na unakata sili ya shafti. Maji yanaingia kwenye gia. Kwa hiyo kila mbalamwezi, omena wakiwa hawavuliwi, toa propela: nyoosha pini ya kufungia, fungua nati, vuta. Kata uzi wote kwa kisu, paka grisi kwenye shafti, rudisha, weka pini mpya. Pini iliyonyooshwa mara tatu haifai.

Siku hiyo hiyo angalia oili ya gia, ile nzito ya nambari 90. Mashine ikiwa wima, fungua skrubu ya chini kidogo. Ikitoka nyeusi au ya rangi ya asali, funga. Ikitoka kama chai ya maziwa, sili imekwisha. Oili ya gia ibadilishwe baada ya saa 10 za kwanza, kisha kila saa 100. Kujaza ni kutoka tundu la chini hadi oili itokee la juu. Funga la juu kwanza, ndipo utoe mrija na kufunga la chini haraka.

Mashine ikinguruma lakini boti haiendi, bushi ya mpira ndani ya propela imeteleza. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye nati hadi kwenye propela, endesha kidogo, zima, tazama. Mistari ikiachana, ndiyo hiyo. Rudini taratibu kwa mwendo wa chini. Mara nyingi itawafikisha.