Bei ya Zaituni

Zaituni alikuwa na kawaida ya kutaja bei na kuipunguza kabla mteja hajafungua mdomo. Alikuwa akiuza dagaa wakavu katika soko la Mwanga, mjini Kigoma, na dagaa wake walikuwa wazuri kweli: wa Kibirizi, waliokaushwa juu ya kichanja wala si mchangani, weupe wa fedha, ambao mtu angeweza kuwatia kinywani bila ya kusikia punje ya mchanga kwenye meno. Hata hivyo, kila aliposema elfu thelathini kwa kilo, sauti yake mwenyewe ilimtia hofu, naye aliharakisha kuongeza, “lakini wewe nitakupa kwa ishirini na nane,” na mteja akinyamaza kidogo tu, bei ilikuwa imekwisha kuteremka tena.

Siku moja asubuhi alifika mwanamume mwenye begi begani, aliyekuwa anasafiri kwa treni na alitaka zawadi ya kupeleka Dodoma. Aliokota dagaa mmoja, akamvunja katikati, akanusa, kisha akauliza bei.

“Elfu thelathini, baba. Lakini chukua kwa ishirini na nane.”

Mwanamume hakujibu. Alikuwa ametoa pochi na midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Zaituni aliona ukimya ule kuwa ni dalili ya kumpoteza mteja.

“Haya, ishirini na saba, baba yangu, kwa sababu ni asubuhi.”

“Nipimie kilo tatu,” alisema yule msafiri, na kumpa noti tisa za elfu kumi alizokuwa amekwisha kuzihesabu tangu aliposikia bei ya kwanza. Zaituni alizishika, akahesabu, akabaki akizitazama. Ilimbidi afungue kibindo na kumrudishia elfu tisa, fedha ambazo mtu yule hakuziomba wala hakuzitarajia, naye alizipokea kwa mshangao, akashukuru na kuondoka.

Bi Sikudhani, mzee aliyeuza mawese katika meza ya jirani, aliyaona yote hayo. Hakucheka.

“Mama Shabani,” alisema, “yule baba alikuomba upunguze?”

“Hapana, bibi.”

“Basi umebishana na nani?”

Zaituni hakuwa na jibu. Alisema tu kwamba anaogopa kulala na mali. Bi Sikudhani, aliyemfahamu tangu angali msichana anayemfuata mama yake sokoni, alisogeza kigoda chake karibu.

“Mama yako alikuwa akiuza migebuka mibichi, mwanangu. Barafu hakuwa nayo. Saa tatu asubuhi samaki wake walikuwa na bei moja, saa sita wana nyingine, na jua likipinduka alikuwa anawaomba watu wawachukue. Alikuwa na haki ya kukimbiza bei, kwa sababu mali yake ilikuwa inamfia mkononi. Wewe unakimbia nini? Dagaa wako wamekwisha kukauka. Wakilala leo, kesho ni wale wale, na mwezi ukipevuka wanapanda bei.”

Hapo Bi Sikudhani alikuwa amegusa kiini cha jambo. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika huwavuta samaki kwa mwanga wa taa usiku, na mbalamwezi inapoangaza maji yote, taa hupoteza nguvu na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Siku hizo dagaa huadimika mwaloni. Zaituni alilijua hilo kama alivyolijua jina lake, lakini hakuwahi kulihusisha na bei aliyoitaja mezani, kwani mikono yake ilifuata desturi ya beseni la samaki wabichi aliyoizoea utotoni.

Usiku ule alimwita Shabani, mwanawe aliyekuwa kidato cha pili, waandike hesabu kwenye daftari. Kilo kumi alizinunua Kibirizi kwa elfu ishirini na tatu kila moja, jumla shilingi 230,000. Bodaboda ilikuwa shilingi 4,000. Ushuru na mifuko, 3,000. Zaidi ya hayo, alipochekecha na kutoa vichwa vilivyokatika na unga uliobaki chini ya gunia, kilo kumi ziligeuka kuwa tisa na nusu. Shabani aligawa mara mbili ili kuhakikisha.

“Kila kilo inakugharimu karibu elfu ishirini na tano, mama. Ukiuza ishirini na saba unapata elfu mbili. Ukiuza thelathini unapata elfu tano.”

Zaituni alimwambia arudie. Kisha alifanya mwenyewe, kwa vidole, hesabu ambayo Shabani hakuulizwa: kilo nne za elfu thelathini zilimpa faida sawa na kilo kumi za ishirini na saba. Alikumbuka jioni zote alizorudi nyumbani na gunia tupu, akijiona amefanya biashara nzuri. Kabla ya kulala waliandika bei mbili, ya kutaja na ya mwisho kabisa kwa anayechukua kilo tano au zaidi, na Zaituni akapiga mstari chini ya ile ya pili.

Kesho yake jambo gumu halikuwa kutaja elfu thelathini. Lilikuwa kunyamaza baada ya kuitaja. Bi Sikudhani alimshauri aipe mikono kazi, na kila alipomaliza kusema bei, Zaituni aliinama na kuchambua dagaa waliovunjika, akiwatenga pembeni mmoja mmoja.

Mteja wa kwanza, mwanamke aliyevaa kitenge cha Kongo, aliuliza kama hakuna bei ya chini.

“Kwa kilo moja ndiyo hiyo, dada.”

Yule mwanamke aliweka chini dagaa aliokuwa ameshika na kwenda zake. Zaituni alimtazama akipotea kati ya meza za ndizi, na koo lilimwasha kwa hamu ya kumwita. Hakumwita. Mwanamke yule hakurudi, wala si kweli kwamba kila anayeondoka hurudi. Wengine hununua kwingine na siku inaendelea. Hadi soko linafungwa Zaituni alikuwa ameuza kilo nne tu. Zilizobaki alizifunga kwenye gunia safi na kulibeba kwenda nalo nyumbani, na faida iliyokuwa kibindoni ilikuwa elfu ishirini.

Siku chache baadaye mwezi ulipevuka. Kibirizi dagaa walipungua na bei ilipanda, na meza mbili za jirani zilibaki tupu. Zaituni na Shabani walifuta bei za zamani kwenye daftari na kuandika mpya: elfu thelathini na tatu ya kutaja, elfu thelathini na mbili ya mwisho.

Mama lishe mmoja kutoka Gungu alikuja na kikapu.

“Hawa wa kichanja bei gani?”

“Elfu thelathini na tatu kwa kilo, mama.”

Zaituni aliinamia dagaa wake. Mama lishe alichota, akapepeta kiganjani, akaangalia kama kuna mchanga, akazitazama meza nyingine zisizo na kitu.

“Nikichukua tano, utanifanyia thelathini?”

“Kwa tano, thelathini na mbili. Chini ya hapo sitaweza.”

“Thelathini na moja basi.”

“Thelathini na mbili, mama.”

Mama lishe alifungua kikapu. Zaituni alipima kilo tano, akaacha mshale wa mizani utulie kabisa, kisha akapokea shilingi 160,000 kamili na kumuuliza kama angehitaji nyingine wiki ijayo, ili amwekee.