Yah: Kuomba ufafanuzi wa msaada unaoruhusiwa katika ripoti ya maabara

Mwanza,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Kwa Mhadhiri wa Kemia ya Maji

Shikamoo Daktari,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Kulwa, mwaka wa pili, kundi la tatu la maabara. Ripoti ya oksijeni iliyoyeyuka majini tunaikabidhi Ijumaa, na ina alama 15 kati ya 40 za kozi. Maelekezo yanasema kila mwanafunzi afanye kazi yake mwenyewe, kisha mstari unaofuata unaturuhusu kujadiliana. Kwenye kundi letu kila mtu anausoma kwa namna yake. Naomba nijue mpaka uko wapi kabla sijaanza kuandika.

Kuhusu sampuli sina wasiwasi mkubwa. Tulichota pamoja, mwaloni Kirumba na pale Mto Mirongo unapoingia ziwani. Mmoja alishika chupa, mwingine akatia manganizi salfeti na iodaidi ya alkali palepale ili oksijeni isibadilike njiani. Nachukulia kwamba sampuli ni za kundi zima. Titresheni ndiyo kila mtu alifanya yake. Kwa maji ya Kirumba mimi nimepata miligramu 6.4 kwa lita, mwenzangu 6.9. Je, tunaruhusiwa kutumia wastani wa kundi, au kila mtu abaki na namba zake? Mimi naona ni haki kila mtu atumie zake na kuzitaja za wenzake kama ulinganisho, kwa sababu tukichukua wastani, tofauti ya mikono yetu kwenye bureti haitaonekana tena.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu. Wenzangu wawili wameniomba niwapigie picha ukurasa wa hesabu zangu na kuituma WhatsApp. Nimewaambia nitakuuliza kwanza. Niko tayari kabisa kukaa nao na kuwaelewesha, kwa namba nyingine, kwa nini kila mililita 1 ya thayosalfeti ya 0.025 M inayotumika kwenye mililita 200 za sampuli ni sawa na miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Kutoa ukurasa wenyewe naona ni jambo jingine. Lakini hawa ni watu tunaosoma pamoja kila jioni, na sitaki kumnyima mtu kitu ambacho wewe unakiruhusu. Naomba utuambie waziwazi: kueleza ruksa, kuonyesha ruksa, au vyote hapana?

Upande wa kupokea msaada pia nina swali. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu alinikumbusha kwamba ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo nisilinganishe majibu yangu na jedwali la usawa wa bahari bila kurekebisha kwa mwinuko. Kwa nyuzi 25 jedwali hilo linatoa takribani 8.3, na huku kwetu kiwango cha juu kinashuka hadi karibu 7.2. Hilo linabadilisha kabisa maelezo yangu kuhusu Kirumba. Rekebisho nimelikokotoa mwenyewe, na ningependa kumtaja kaka huyo kwenye ripoti. Je, kumtaja kunatosha, au wazo la namna hiyo lilipaswa kutoka kwangu?

Halafu kuna chupa ya Mirongo. Mashapo yake yalitoka karibu meupe, yenye ukahawia hafifu sana. Baadhi yetu wanasema dawa zilikuwa zimeharibika. Mimi nasema oksijeni ilikuwa kidogo mno, kwa kuwa chupa ya Kirumba ilitiwa dawa zilezile na ikatoa kahawia iliyokolea. Nilitaka kumuuliza fundi sanifu wa maabara, nikasita, maana tafsiri hiyo ndiyo inayopimwa. Naweza kumuuliza dawa zilitengenezwa lini, bila kumwomba anipe jibu?

Yapo mawili madogo. Ripoti za mwaka jana zinazunguka kwenye kundi la darasa. Mimi sijazifungua, na sitazifungua mpaka useme kama kuangalia mpangilio wake tu kunaruhusiwa. Na dada yangu ni mwalimu wa Kiingereza sekondari. Je, anaweza kunisahihishia sarufi, bila kugusa hoja wala namba?

Nimekuandikia peke yangu, ila maswali haya ni ya wengi. Ukipata nafasi ya kuyajibu mbele ya darasa kwenye kipindi cha Jumatano, sote tutaandika kwa kanuni moja, na tutabaki na siku mbili za kufanya kazi.

Natanguliza shukrani.

Mwanafunzi wako,
Kulwa
Mwaka wa pili, kundi la tatu