Ratiba ya Mshereheshaji: Siku ya Kiswahili Duniani, Tanga, Jumanne 7 Julai 2026

Ndugu Mshereheshaji, ratiba hii imetokana na slaidi 9 za programu zilizopitishwa na kamati. Slaidi hizo zinataja mada na saa za kuanzia tu, hivyo nimeongeza muda wa mpito na maneno yako. Zikitofautiana na karatasi hii, fuata karatasi, maana ni lazima tumalize saa 6:00 mchana ili waumini wawahi sala ya adhuhuri.

Saa 3:00 asubuhi. Wageni wanaketi na muziki unapigwa kwa sauti ya chini.

Saa 3:30. Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya, anaingia. Waombe wote wasimame na wabaki wamesimama, kwa kuwa Wimbo wa Taifa na Wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zinafuata papo hapo. Slaidi ya 2 iliziweka baada ya utambulisho, na hapo wazee wetu wangesimama mara mbili.

Saa 3:40. Mkaribishe Afisa Utamaduni atambulishe meza kuu. Kazi hiyo ni yake. Wewe usitaje cheo cha mtu yeyote mwingine.

Saa 3:50. Soma kama ilivyo: “Tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU chini ya Mwalimu Julius Nyerere kilikitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Mwezi Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.” Tafadhali usiongeze kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa, lugha rasmi za umoja huo ni 6, na chetu bado hakimo.

Saa 3:55. Ngonjera ya wanafunzi. Slaidi ya 4 imewapa dakika 10, lakini katika mazoezi ya jana walitumia 14, na ubeti wa mwisho, ambapo mtoto mdogo kuliko wote anajibu peke yake, ndio unaobeba shairi zima. Tumewapa dakika 15. Mtoa mada amekubali kupunguza 5 zake.

Saa 4:10. Mada, dakika 20. Zikibaki 5, mwonyeshe kadi ya njano ukiwa umesimama pembeni, bila kumkatiza. Maswali ni 3 tu.

Saa 4:45. Ngoma, huku chai ikigawiwa.

Saa 5:10. Mkaribishe Mkurugenzi, naye ndiye atakayemkaribisha Mgeni Rasmi. Wewe usimwite Mgeni Rasmi hata kama Mkurugenzi atachelewa kufika jukwaani. Jaza nafasi kwa kuwashukuru walimu waliowafundisha wanafunzi ngonjera.

Saa 5:35. Zawadi za insha. Soma jina, subiri mtoto afike na picha ipigwe, ndipo usome linalofuata.

Saa 5:50. Neno la shukrani, kisha Mgeni Rasmi anaondoka wote wakiwa wamesimama.

Umeme ukikatika, ingiza papo hapo ngoma, ambayo haihitaji kipaza sauti, hadi fundi mitambo akuinulie mkono kwamba jenereta imewaka.