Konsati ya watoto ni tarehe 29, na tunatafuta watu wa kusaidia

Wazazi wetu, walezi, mashosho na maguka, habari zenu. Mwaka umeisha hivi hivi tukiangalia. Watoto wa darasa la muziki la Jumamosi wako na konsati ya kufunga mwaka Jumamosi tarehe 29 Novemba, pale pale kwa ukumbi wa kanisa tunapofanyia mazoezi hapa Buruburu. Mlango unafunguliwa saa saba na nusu, tunaanza saa nane. Na nikisema saa nane ni saa nane, mwaka jana kuna mama aliingia saa tisa akapata mtoto wake ashaimba kitambo, amekaa nyuma na chapati mkononi analia, na hiyo sitaki kuiona tena.

Kuingia ni bure, kujeni na majirani.

Wadogo ndio wanafungua na kayamba, kuna kamoja ka miaka sita kakitingisha kayamba lazima ulimi utoke nje, mtakaona tu. Halafu rekoda, halafu wakubwa na ngoma za isukuti ambazo wamezipiga tangu Agosti mpaka jirani wa ukumbi akaja kuniuliza kama kuna harusi. Tunamalizia na nyimbo za Krismasi, hapo nyote mnaimba.

Watoto wafike saa tano na nusu, wakiwa WAMEKULA, shati jeupe na leso ya kufunga kiunoni.

Sasa kazi. Ijumaa jioni kuanzia saa kumi na moja nataka watu wanne wa kupanga viti 150, na mwenye pikap atuletee spika na maiki. Jikoni watu watatu kuanzia saa sita, chai ya maziwa sufuria mbili kubwa, mandazi tunaagiza kwa hivyo msiogope unga. Mlangoni wawili wenye sura ya kutabasamu. Wa kupiga video awe MMOJA, simu yake iko sawa na atatutumia sote, maana mkisimama wote na simu mashosho walioketi nyuma wanaona migongo yenu tu.

Kazi ngumu ni ya nyuma ya jukwaa, natafuta watano wenye roho ngumu. Ni kupeleka watoto choo, kutafuta kiatu kimoja kilichopotea, kunyamazisha kikundi kinachongoja zamu. Kama wewe ni nesi tafadhali kaa huko pia na kasanduku kako.

Na wa kuosha masufuria na kufagia baadaye, watu sita, hapa ndio watu hupotea ghafla kila mwaka ati wameitwa nyumbani.

Andika jina na kazi unayotaka kwa grupu ya WhatsApp kabla ya Jumatano tarehe 26. Msiandike "niko tayari kwa lolote", hao nitawapeleka kwa masufuria. Na mwavuli ubebe, hizi mvua za Novemba mnazijua.

Mwalimu wenu wa muziki