Shangazi, ni kuku sio kaka

Shikamoo shangazi. Meseji yako nimeipata saa nne hii nikiwa dukani, na kabla sijakujibu naomba nikurudishie kwanza kama ilivyonifikia, uone hicho kimaiki cha simu unachokisemea kilivyoandika:

"mwanangu hujambo huku kidari kimeingia kaka wangu mkubwa amekufa jana na wengine wanne shangazi zimepinda wanahara kijana nimewapa maji ya subiri na mwaka arobaini wawili nimewachanja kabla hawajafa vifaranga kumi na mbili nimewapeleka kwa mama Asha sasa niambie hawa sita waliobaki niwape mchango ya matano au nisubiri"

Shangazi, kaka yako mkubwa si ndo baba yangu? Nilikaa chini. Asubuhi saa moja nimetoka kuongea nae yuko salama anaenda shamba, lakini pale sikukumbuka hata hilo, mpaka niliposoma tena taratibu kwa sauti nikaona "kaka wangu". Wewe husemi hivyo, siku zote unasema kaka yangu, kwa hiyo hiyo "wangu" ilikuwa ya mtu mwingine, ni kuku wangu mkubwa, yule jogoo. Pole sana shangazi, najua ulivyokuwa unamtunza, ila nimemshukuru Mungu.

Baada ya hapo mengine yakaja yenyewe. Kidari ni kideri, shangazi zimepinda ni shingo zimepinda, wanahara kijani. Subiri ni shubiri, na mwaka arobaini ni mwarobaini. "Mchango ya matano" ilinisumbua kidogo, nilidhani unaniomba elfu tano, ila mchango ungekuwa "wa", ikabidi nitafute neno linalokaa na "ya", nikapata chanjo ya matone.

Neno moja tu limenishinda na silibahatishi. Wale wawili umewaCHANJA au umewaCHINJA? Hapo "kabla hawajafa" inakubali yote mawili, na jibu langu linabadilika. Nitumie voisi ya neno hilo tu.

Sasa majibu. Shingo kupinda na kuhara kijani kwa pamoja, na kufa wengi kwa siku chache, kweli inafanana sana na kideri, lakini kuhara kijani peke yake hata kipindupindu cha kuku kinaleta, kwa hiyo mwite afisa mifugo wa kata leo leo aje aone. Kama ni kideri basi ni kirusi na hakina dawa, sio shubiri, sio mwarobaini, wala zile antibayotiki za unga ninazouza mimi mwenyewe hapa, usitupe hela.

Hao sita, kama wanakula na wamechangamka, chanjo wape, tone moja jicho moja, unamshika kichwa kimelala upande, unadondosha na unasubiri apepese ndo unamwachia. Ila nikuambie mapema, kinga inachukua wiki moja mpaka mbili kujengeka na ugonjwa tayari umo bandani, aliyekwisha kuupata atakufa tu hata ukimchanja, usije ukasema chanjo ndo imemuua. Atakayepona utarudia kila baada ya miezi mitatu, na hilo shangazi usiliache tena, nakuomba sana, mwaka jana tuliongea hivi hivi.

Kilichonitia hofu zaidi ni vifaranga kwa mama Asha. Kuku anaweza kukaa na kideri siku tano sita bila kuonyesha chochote, kwa hiyo huenda umempelekea ugonjwa mlangoni. Usiwarudishe na usiwahamishe tena, mwambie awatenge mbali kabisa na kuku wake, anayewalisha asiingie kwenye banda lingine na viatu vile vile. Na kuku wake wazima wachanjwe haraka, tena waanze kuchanja hao kabla hawajagusa wako, chupa moja inatosha kuku wengi hata majirani wakichangia (hapo ndo mchango wenyewe).

Kama uliwachinja: manyoya, utumbo na maji ya kuoshea vyote vifukiwe shimo refu, usimwage nje, na nyama usimgawie jirani mwenye kuku. Kama uliwachanja: ulitumia dawa gani na chupa ilikaa wapi, kwenye ubaridi au dirishani juani?

Waliokufa wafukie au wachome, mbwa wasiwaburute.

Leo jioni naweka chupa ya matone kwenye kibegi cha barafu, naikabidhi kwa kondakta wa basi la Tanga, asubuhi mtume kijana aipokee stendi ya Muheza mapema. Nasubiri voisi yako, chanja au chinja. Na tafadhali mpigie baba umsalimie, nimemwambia umefiwa na jogoo.