Ukaguzi wa duka na nyumba kwa mtambo wa sola, Ahero: maelezo na hesabu ya mzigo

Jumanne, tulifika saa tatu asubuhi. Nimeyaandika ili uchore mchoro na kuandaa bei kabla ya Ijumaa. Pale ulipokosea kwenye hesabu yako ya kwanza nimekosoa humu humu, usinune.

Mteja ni mama mwenye duka la vinywaji, na kinyozi amepanga chumba cha pembeni. Stima ipo, lakini inakatika na soda zinapata joto. Hataki kuachana na gridi. Pasi na koili ya maji zitabaki huko, tumekubaliana naye mbele ya kinyozi.

Paa. Mabati ya geji 30, miteremko miwili: mmoja unatazama mashariki, mwingine magharibi. Mwinamo ni digrii 15 kwa kipimo cha simu. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo usihangaike kutafuta kaskazini. Mashariki ndiyo yetu kwa sababu mbili. Upande wa magharibi una mwembe, na saa tisa alasiri kivuli chake kilikuwa kimeshafika katikati ya bati. Halafu ukanda huu wa ziwa mawingu hupenda kujikusanya mchana unapoisha. Jua la asubuhi ndilo la kutegemea. Mwembe haukatwi, mama amesema hivyo kabla hata hatujauliza.

Mbao: nilizichoma kwa bisibisi moja moja. Ya tatu kutoka kona ya mfereji, ncha ilizama kama kwenye mkate na vumbi la mchwa likamwagika. Ibadilishwe kwanza, na iwekwe kwenye bei kama kazi ya seremala. Kila paneli ina takriban kilo 22, na upepo wa dhoruba huivuta juu zaidi ya uzito unavyoikandamiza chini.

Betri ikae wapi. Ukutani stoo, nyuma ya kreti, kuna mstari wa kahawia wa mafuriko ya 2024. Nilipima: sentimita 47 kutoka sakafuni. Huku ni uwanda wa Kano, Nyando ikifurika haibishi hodi. Betri, inverta na breka zote ziwe mita 1.2 juu, ukuta wa ndani usiopigwa jua. Udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi, kwa hiyo chuma cha eathi kizamishwe chote karibu na bomba la maji ya mvua, tena tukipime upya udongo ukikauka.

Mzigo kwa siku

| Kifaa | Hesabu | Wh |
|---|---|---|
| Taa za ndani 8 | 7 W × saa 5 | 280 |
| Taa za nje 2 | 10 W × saa 11 | 220 |
| TV inchi 32 | 50 W × saa 5 | 250 |
| Simu 6 | 10 W × saa 2 | 120 |
| Mashine za kunyoa 2 | 15 W × saa 6 | 180 |
| Friji ya soda | imepimwa | 1,200 |
| Jumla | | 2,250 |

Friji ulikuwa umeiandika 120 W × saa 24, yaani 2,880 Wh. Ungemuuzia mama mtambo karibu mara mbili. Kompresa huwaka na kuzima. Mita ya soketi tuliyoiacha siku mbili ilisoma 2.4 kWh. Kwa TV, mama alisema "saa mbili tu", kijana wake akacheka. Nimeandika tano.

Paneli. Nimegawa kwa 0.75 kufidia joto, vumbi, waya na inverta, na kuchukua saa 5 za jua kamili:

```
2250 / 0.75 = 3000 Wh
3000 / 5 = 600 W
```

Weka paneli 2 za 400 W. Ziada ni ya siku za mvua.

Betri. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi matumizi ni kama 1,410 Wh. Gawa kwa 0.9 ya inverta upate 1,567. Lithiamu ya 25.6 V, 100 Ah ina 2,560 Wh, na kwa asilimia 80 tunatumia 2,048. Inatosha usiku na kipande cha asubuhi yenye mawingu.

Inverta. Vyote vikiwaka pamoja ni 336 W, lakini friji ikianza huweza kuvuta mara tano, 600 W. Hapo ni 816 W. Chukua ya 1,000 W, wimbi safi; ya bei rahisi itaifanya kompresa ingurume mpaka iungue.

Waya. Paneli zifuatane, volti kama 62, ampea 13. Kutoka paani hadi stoo ni mita 18. Waya wa 4 mm² unapoteza zaidi ya asilimia 3, wa 6 mm² kama 2. Tumia wa 6. Kontrola iwe MPPT ya 40 A inayovumilia 100 V, kwani bila mzigo paneli zitafika kama 74.

Kuna jambo limebaki: kinyozi anataka kuongeza kikausha nywele. Soma kibandiko chake Alhamisi ukipita, ndipo uniletee bei.