Mwendo wa sherehe na maneno ya mshereheshaji: diploma kwa mafundi 84, Kampemba, Lubumbashi

Jumamosi, mwezi wa kumi. Ukumbi wa chuo chetu cha ufundi, komini ya Kampemba. Wahitimu ni 84: umeme 31, kulehemu 22, mekanika 19, ushonaji 12.

Kwa protokoli na wote watakaoshika mikro: nimepanga diploma zitolewe kabla ya hotuba za wageni. Mwaka jana zilikuja mwisho. Jua lilikuwa kali, bati likawaka, na wahitimu wa mwisho walipokea karatasi zao mbele ya viti vitupu kwa sababu mama zao walishakwenda kufungua meza zao sokoni. Sitaki kuona hilo tena. Tunaanza saa 3:00 kamili asubuhi na tunafunga saa 4:45. Mgeni anayekuja na ndege kutoka Kinshasa akumbushwe leo kwamba saa ya kule iko nyuma ya yetu kwa saa moja nzima.

Saa 2:00. Milango inafunguliwa. Wazazi waketi mbele, nyuma ya safu moja tu ya wageni. Wazee na wenye watoto mgongoni wapewe viti vya pembeni, karibu na mlango. Saa 2:40 mikro zote mbili zijaribiwe na jenereta iwashwe kwa dakika tano, halafu izimwe. Fundi mmoja wa mekanika abaki kando yake mpaka mwisho. Umeme ukikatika, mimi naendelea kwa sauti yangu mpaka jenereta ishike, na hakuna anayesimama.

Saa 3:00 – 3:08. Wahitimu wanaingia. Wawili wawili, jozi 42, ngoma ikipigwa polepole. Mimi nasema:

"Baba zetu, mama zetu, jambo yenu! Naomba tusimame. Wanaoingia ni watoto wenu. Mliwaleta hapa wakiwa na daftari na hofu, leo wanaingia na ufundi mikononi. Vigelegele viko wapi?"

Saa 3:08 – 3:14. Wimbo wa taifa na sala. Wote wanabaki wamesimama. Ubeti na kiitikio, kisha mchungaji, dakika mbili. Nikisikia "Amina" nasema tu: "Aksanti. Tuketi."

Saa 3:14 – 3:22. Salamu.

"Bwana Burugumestri, Bwana Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wakubwa wa karakana mliowapokea vijana hawa kwa staje, wazazi, wahitimu: karibuni.

Kabla sijataja cheo cha mtu yeyote, naomba mtazame mahali mlipo. Jukwaa hili mnaloliona, vyuma vyake vililehemiwa na masudere wetu 22. Taa zilizo juu yenu, nyaya zake zilivutwa na vijana wa umeme wiki iliyopita. Jenereta iliyo nyuma ya ukuta ilikuwa imelala miezi minne, na wa mekanika wameiamsha. Na majoho: mama uliyekaa karibu na njia, mtoto wako akipita shika mkono wa joho lake, ugeuze upindo uone. Mshono mara mbili, hakuna uzi unaoning'inia. Majoho yote 84 yameshonwa katika chumba namba 6, nyuma ya jiko, na wasichana kumi na mmoja na kijana mmoja. Hatukukodi hata moja.

Mji wetu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba. Lakini ufundi wa shaba ni mkubwa kuliko mji. Kabla ya reli na kabla ya bomba lile refu la moshi tunalolijua sote, wazee wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha mawe na kumimina shaba katika kalibu, wakatoa misalaba iliyotumika kama mali na kama mahari. Shaba inayeyuka kwenye joto la nyuzi 1,085. Walilifikia joto hilo kwa makaa na viriba, bila kipimo cha kuwaambia moto umetosha, ila macho yao na rangi ya moto. Nyinyi mnaovaa miwani ya kulehemu, hao ni babu zenu wa kazi. Nanyi wa umeme, ile shaba iliyokuwa msalaba ndiyo iliyo waya mikononi mwenu."

(Nisitaje zaidi ya wageni sita. Walio wengine nitawasalimu kwa makundi.)

Saa 3:22 – 3:30. Neno la Mkuu wa Chuo. Namkaribisha kwa sentensi moja. Dakika ya saba protokoli anasimama mbele yake na karatasi ya kijani, na ya nane na karatasi nyekundu. Nimezungumza naye, amekubali, na ameomba wengine wote wafanyiwe vilevile.

Saa 3:30 – 3:35. Tamko la jiri. Katibu wa jiri anasoma, wahitimu wanasimama. Nikishapokea mikro:

"Mmesikia. Kuanzia sasa hawa si wanafunzi tena. Ni mafundi."

Saa 3:35 – 4:10. Diploma. Hapa ndipo sherehe ilipo, kwa hiyo naomba kila mtu asome kwa makini.

Tuna dakika 35. Kila mhitimu ana sekunde 24: jina, hatua nne, mkono wa Mkuu wa Chuo, diploma, kuitazama kamera, kushuka. Mara 84 ni dakika 33 na sekunde 36. Inabaki dakika moja na sekunde 24 kwa kubadilisha foleni, na hakuna akiba nyingine. Jina linasomwa na mwalimu mkuu wa fani yake, maana yeye ndiye anayejua kulitamka. Kila mwalimu aketi jioni ya Ijumaa na vijana wake na kuyasoma majina yote kwa sauti. Mtu aliyelipiwa minervali miaka mitatu kwa shida asiitwe jina la kukosewa siku yake moja.

Maneno yangu kabla ya jina la kwanza:

"Wazazi wetu, nawaomba jambo moja kwa heshima. Jina la mtoto wako likiitwa, simama palepale ulipo. Usikimbie jukwaani. Simama, piga kigelegele, tikisa kitenge chako, ili naye akuone kutoka juu na ukumbi wote umjue mzazi wake. Kitenge cha kumvika, maua, hela ya kumtunza, vyote vinamngoja chini ya ngazi ya kushoto, kwenye zulia jekundu, na pale hakuna atakayekuharakisha. Na poda, wapendwa: najua kopo ziko kwenye mifuko. Furaha bila poda haijakamilika kwetu. Ila tuimwage uani, chini ya mijakaranda, si humu ndani. Majoho ni meusi, na walioyashona wako hapa wanatutazama.

Kama mzazi hakuweza kufika, kama amelala hospitalini, au yuko mgodini, au ametangulia, basi walioketi jirani wasimame badala yake. Asipande mtoto hata mmoja ukumbi ukiwa umeketi kimya."

Mfuatano: ushonaji kwanza, kisha mekanika, kulehemu, umeme. Nimewaanza wa ushonaji kwa makusudi, maana kila mwaka huitwa wa mwisho, watu wakiwa wamechoka. Kati ya kundi na kundi nina sentensi moja tu.

Kwa mekanika: "Hawa ndio mtakaowapigia simu gari likilala njiani kwenda Kasumbalesa."

Kwa kulehemu: "Tazameni mikono yao wakipokea. Alama ndogo nyeusi zile ni cheche. Kila fundi anazo."

Kwa umeme: "Maji ya Lufira yanaanguka Mwadingusha, yanakuwa umeme, yanasafiri mpaka hapa. Nyumbani kwako, anayeufikisha kwenye taa bila kuunguza nyumba ni mmoja wa hawa 31."

Mhitimu mmoja wa ushonaji alijifungua wiki tatu zilizopita. Mtoto ashikwe na bibi yake mguu wa ngazi, na mama akishashuka apewe mwanawe kabla ya kupigwa picha. Akitaka kupanda naye, apande. Sekunde zake nitazitafuta mahali pengine.

Saa 4:10 – 4:17. Ngoma. Kundi la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wageni wanapewa maji. Jenereta inaongezewa mafuta hapa, si wakati mwingine.

Saa 4:17 – 4:23. Zawadi. Wanne, wa kwanza katika kila fani, wote kwa distinksyo. Kila mmoja anapata sanduku la vifaa vya kazi yake. Sanduku lifunguliwe mbele ya watu ili kila mtu aone koleo, mkasi, kipima umeme. Bahasha haionekani, koleo linaonekana.

Saa 4:23 – 4:28. Neno la wahitimu. "Wamechaguana wenyewe kwa kura, na aliyechaguliwa ni fundi wa kulehemu kutoka Katuba, aliyekuwa akitembea kwa mguu kuja na kurudi. Binti yetu, mikro ni yako."

Saa 4:28 – 4:32. Neno la mzazi. Baba mmoja, fundi wa reli aliyestaafu. Atasema Kiswahili chake cha nyumbani, na nimemwambia asikibadilishe. Protokoli ampe mkono kwenye ngazi, goti lake la kulia linamsumbua.

Saa 4:32 – 4:40. Neno la Burugumestri. "Bwana Burugumestri, tulikuomba usubiri wazazi wapate kwanza, nawe ulikubali bila sharti. Aksanti sana. Sasa tunakusikiliza." Karatasi ya kijani dakika ya saba, kama kwa wote.

Saa 4:40 – 4:45. Shukrani na kufunga.

"Shukrani kwa walimu, simameni mwonekane. Kwa mama wa jikoni, ambao tangu saa kumi za usiku wamekuwa wakisonga bukari na kutwanga sombe. Kwa karakana zilizowapokea vijana wetu kwa staje na kuwaachia washike vyombo vya kweli. Wakubwa wa karakana, wengi wa hawa 84 bado wanatafuta pa kuanzia. Orodha ya majina na fani iko mlangoni, kwenye meza yenye kitambaa cha bluu, pamoja na namba ya ofisi yetu. Naomba msipite meza ile bila kuchukua nakala.

Wahitimu, tokeni kwanza, wawili wawili kama mlivyoingia. Picha ya pamoja ni kwenye ngazi za karakana, ushonaji safu ya mbele. Wazazi, hesabuni mpaka mia moja, kisha mfuateni watoto wenu. Chakula ni uani upande wa kulia, wazee na mama wenye watoto wachanga wapakuliwe kwanza. Poda ni upande wa kushoto. Majoho yavuliwe kwanza na kukabidhiwa chumba namba 6, ndipo kopo zifunguliwe."

Ngoma inaanza. Mimi nabaki na mikro mpaka jozi ya mwisho ivuke mlango.